Hundi Zilizo Njiani na Salio la Duka

Mwenye duka mwenye akaunti ya benki hukutana kila mwisho wa mwezi na namba mbili zinazojibu swali moja. Swali ni hili: duka lina fedha kiasi gani benki? Daftari la fedha lina jibu lake, na taarifa ya benki ina jibu lake. Ni nadra majibu hayo kufanana, hata pale ambapo hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea hesabu. Sababu kubwa ni hundi. Hundi huandikwa siku moja na kulipwa siku nyingine, na mwezi ukikatika katikati ya siku hizo mbili, daftari na benki huachana.

Wengi hulitatua jambo hili kwa kuiamini namba moja na kuitupa nyingine. Anayeiamini benki husema mashine haikosei. Anayeliamini daftari husema ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Wote wawili wamekosea mahali pamoja. Mwisho wa mwezi hakuna hata moja kati ya namba hizo inayofaa kutumiwa kama ilivyo. Kinachotakiwa ni kuichukua kila tofauti, moja baada ya nyingine, na kuipangia mahali pake: ama ni jambo lililotokea kweli na daftari halijaliandika, ama ni jambo ambalo daftari limeliandika sawasawa na benki bado haijalifikia. La kwanza huandikwa. La pili husubiriwa, na kufuatiliwa hadi liishe. Usuluhisho wote wa benki umejengwa juu ya mgawanyo huo.

Duka la mfano

Tuchukue duka la bidhaa mchanganyiko katika kata ya Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Ni duka la mfano na hesabu zake nimezipanga kwa ajili ya somo hili, lakini mazingira yake ni ya maduka mengi ya nyanda za juu za Kigoma. Linauza sukari, sabuni, mafuta ya kula, madaftari ya shule, saruji na mabati. Mauzo mengi ni ya fedha taslimu na ya simu. Hata hivyo lina akaunti ya biashara katika benki mjini Kasulu na kitabu cha hundi, kwa sababu muuza jumla wa Kasulu na yule wa saruji wa Kigoma wanakubali hundi, na kwa sababu wapo wateja wachache wakubwa, kama vile shule binafsi ya kanisa, ambao hulipa kwa hundi ili matumizi yao yawe na ushahidi wa maandishi.

Mwezi wenyewe ni Juni 2024. Mwezi huo ulikatika vibaya kwa mtu wa hesabu, kwani tarehe 30 iliangukia Jumapili. Chochote kilichopelekwa benki Ijumaa tarehe 28 jioni kilikuwa na nafasi kubwa ya kuonekana Jumatatu, ambayo tayari ilikuwa Julai.

Siku ya mwisho ya mwezi daftari la fedha, upande wa benki, lina salio la Sh 1,214,500. Taarifa ya benki iliyochapishwa tawini hadi tarehe hiyohiyo ina salio la Sh 2,541,000. Tofauti ni Sh 1,326,500, yaani zaidi ya salio zima la daftari.

Kwa nini hundi inachelewa

Zamani ucheleweshaji ulikuwa wa barabara. Hundi ya benki moja iliyowekwa katika benki nyingine ilibidi isafiri yenyewe, karatasi kwa mkono, hadi mahali ambapo benki hubadilishana hundi, na ikikataliwa irudi kwa njia hiyohiyo. Kwa mji ulio mbali kama Kasulu, safari hiyo ilikula siku nyingi. Mwaka 2015 Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kubadilishana hundi, unaojulikana kwa kifupi kama TACH, na tangu hapo kinachosafiri ni picha ya hundi na taarifa zake. Karatasi hubaki pale ilipopokelewa.

Mabadiliko haya yana maana kubwa kwa anayesuluhisha hesabu. Leo hundi ya duka ikikaa wiki tatu bila kuonekana kwenye taarifa ya benki, kosa haliwezi tena kusukumiwa kwenye umbali. Mara nyingi hundi hiyo iko kwenye droo ya aliyepewa, au kwenye mfuko wa koti, au dereva aliyetumwa aipeleke hajaifikisha. Ni hundi isiyowasilishwa: mwenye nayo hajaenda kuidai. Hizi ndizo nyingi.

Aina ya pili ni hundi ambayo duka lenyewe limepokea kwa mteja na kuipeleka benki, lakini benki haijaiingiza kwenye akaunti. Hapa kuchelewa ni kwa siku chache tu, na chanzo huwa saa ya kufunga hesabu za siku, mwisho wa wiki au sikukuu.

Aina hizi mbili husukuma salio la benki pande tofauti. Hundi tulizotoa ambazo hazijawasilishwa hulifanya salio la benki lionekane kubwa kuliko ukweli. Hundi tulizopeleka ambazo hazijaingizwa hulifanya lionekane dogo.

Anza na Mei

Kosa la kwanza la anayejifunza ni kufungua taarifa ya Juni na daftari la Juni, kisha kuanza kulinganisha moja kwa moja. Muda si mrefu anakuta kwenye taarifa ya benki, tarehe 4 Juni, hundi namba 000209 ya Sh 275,000 imelipwa. Anapekua daftari la Juni ukurasa kwa ukurasa na haioni. Anaanza kuishuku benki.

Hundi hiyo iliandikwa tarehe 29 Mei. Daftari la Mei linayo. Mwisho wa Mei ilikuwa miongoni mwa hundi zisizowasilishwa, na Juni imefika benki. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kuwekwa mezani ni usuluhisho wa mwezi uliopita. Kila hundi iliyoorodheshwa pale kama haijawasilishwa hutafutwa kwenye taarifa ya mwezi huu. Ikionekana, hutiwa tiki pande zote mbili na kazi yake imekwisha. Isipoonekana, hubebwa na kuingia orodha ya mwezi huu, kwa tarehe yake ileile ya zamani. Tarehe hiyo isibadilishwe, kwa sababu ndiyo itakayotuambia baadaye hundi ina umri gani.

Duka ambalo halijawahi kusuluhisha hesabu halina karatasi ya mwezi uliopita. Hapo hakuna njia ya mkato: hurudi nyuma kwenye vishina vya vitabu vya hundi mpaka lifike mahali ambapo hundi zote zimelipwa, na kuanzia hapo.

Tiki kwa namba na kwa kiasi

Baada ya Mei, kila mstari wa taarifa ya benki hutafutiwa mwenzake daftarini. Pande zitaonekana zimegeuzwa, na jambo hili huwachanganya wengi. Fedha zinazoingia, ambazo duka huziandika debiti, benki huziandika krediti. Zinazotoka, ambazo duka huziandika krediti, benki huziandika debiti. Hakuna aliyekosea. Kwa duka, fedha iliyo benki ni mali yake. Kwa benki, fedha hiyohiyo ni deni inalodaiwa na duka. Taarifa tunayopewa ni nakala ya daftari la benki, si la kwetu.

Tarehe zisitumike kuoanisha hundi, kwani zitatofautiana karibu kila mara. Tumia namba ya hundi, kisha kiasi. Vyote viwili vitazamwe. Macho yakiona 000217 huku na 000217 kule, mkono hutia tiki kabla kiasi hakijasomwa, na tutaona hapo chini gharama ya haraka hiyo.

Tiki zikimalizika, mistari isiyo na tiki ndiyo inayoshughulikiwa. Kwenye daftari la duka letu imebaki minne. Mitatu ni hundi tulizotoa: namba 000214 ya tarehe 12 Juni kwa muuza jumla wa Kasulu, Sh 460,000; namba 000219 ya tarehe 26 kwa msafirishaji, Sh 185,000; na namba 000221 ya tarehe 28 kwa muuza saruji wa Kigoma, Sh 1,240,000. Jumla yake ni Sh 1,885,000. Mstari wa nne ni hundi ya shule ya Sh 720,000 iliyopelekwa benki Ijumaa tarehe 28.

Kwenye taarifa ya benki nako imebaki mistari isiyo na mwenzake. Kuna makato ya uendeshaji wa akaunti, kitabu kipya cha hundi na tozo ya hundi iliyorudi, vyote pamoja Sh 38,500. Kuna hundi ya mteja ya Sh 300,000 ambayo duka liliipeleka mapema Juni, benki ikaiingiza, kisha ikaiondoa kwa sababu akaunti ya mteja haikuwa na fedha za kutosha. Na kuna Sh 410,000 zilizohamishwa moja kwa moja kuingia kwenye akaunti na mdaiwa mmoja ambaye hakumtaarifu mtu.

Daftari hurekebishwa kwanza

Hapa ndipo mgawanyo tuliouanza mwanzoni unapofanya kazi. Mistari mitatu ya benki ni mambo yaliyokwisha kutokea. Benki imekata, mteja ameangusha hundi, mdaiwa amelipa. Kutoyaandika daftarini hakutayafuta. Kwa hiyo huandikwa, kila moja na mahali pake.

Makato ni gharama za mwezi. Sh 410,000 si mauzo mapya. Ni deni la zamani lililolipwa, hivyo hupunguza anachodaiwa mteja yule, na kabla ya kuandika ni vizuri kumpigia simu kuhakikisha ni yeye. Hundi iliyorudi huandikwa upande wa malipo wa daftari, na papo hapo deni la mteja hufufuliwa kwenye leja yake. Wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Wakifanya hivyo, daftari la fedha linakuwa sahihi lakini mteja anatoka na mzigo wa bure, kwa sababu leja inaonyesha alilipa.

Salio la daftari linasogea hivi: 1,214,500, toa 38,500, toa 300,000, ongeza 410,000. Jibu ni Sh 1,286,000.

Hundi tatu zisizowasilishwa na ile ya shule haziguswi daftarini. Ziliandikwa kwa usahihi siku zilipotokea. Ninalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linaloharibu hesabu nyingi za maduka: mtu anaona hundi haijalipwa, anaifuta daftarini ili namba zilingane na za benki. Julai hundi inalipwa, hana mahali pa kuitia tiki, anaiandika upya kwa tarehe ya Julai. Gharama ya Juni sasa inaonekana imelipwa Julai, muuza jumla anaonekana bado anadai mwisho wa Juni, na mwenye duka anaamini ana fedha ambazo amekwisha kuziahidi kwa maandishi na sahihi yake.

Tofauti ya 90,000

Sasa upande wa benki. Chukua 2,541,000, ongeza hundi ya shule 720,000, toa hundi zisizowasilishwa 1,885,000. Jibu ni Sh 1,376,000.

Daftari lina 1,286,000. Bado tofauti ni Sh 90,000.

Wakati huu ndio wa hatari kuliko yote, kwa sababu kazi imekuwa ndefu na kiasi kilichobaki ni kidogo. Kishawishi ni kuandika mstari unaoitwa tofauti na kufunga daftari. Lakini tofauti ndogo inaweza kuwa mabaki ya makosa mawili makubwa yanayovutana, na ikifungiwa ndani leo, mwezi ujao hakuna atakayekumbuka ilitoka wapi.

Kuna maswali matatu ya kuiuliza namba yenyewe kabla ya kurudia tiki zote. Je, kuna muamala wa kiasi hicho hasa uliorukwa? Hapa, hakuna wa 90,000. Je, nusu yake, yaani 45,000, ni muamala ulioandikwa upande usio wake? Hakuna. Je, inagawanyika kwa 9 bila kubaki? Ndiyo: 90,000 kwa 9 ni 10,000. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 sikuzote, kwa hiyo kigawo hiki huelekeza jicho kwenye namba zilizogeuzwa. Ni dokezo tu, si ushahidi. Kiasi cha mviringo kinaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati.

Dokezo hilo linatupeleka kwenye hundi zenye tiki, kwa sababu zisizo na tiki zote zimekwisha kuhesabiwa. Tukirudi kwenye hundi namba 000217, daftari linasema 540,000 na benki inasema 450,000. Ilitiwa tiki kwa namba peke yake.

Nani yuko sahihi? Mwamuzi si daftari wala benki. Unatakiwa ushahidi wa tatu: kishina cha hundi na ankara ya muuzaji. Vyote vinasema 450,000. Aliyeandika daftari aligeuza tarakimu. Basi daftari hurekebishwa kwa kurudisha Sh 90,000, na leja ya muuzaji hurekebishwa pia. Lau kishina kingesema 540,000, kosa lingekuwa la benki. Kiasi hicho kingeorodheshwa upande wa benki kwenye usuluhisho, na barua ingeandikwa tawini siku hiyohiyo.

Daftari sasa lina 1,286,000 na 90,000, yaani Sh 1,376,000. Pande zimekutana.

Karatasi inayobaki

Baada ya marekebisho, usuluhisho wenyewe ni mfupi na huandikwa hivi:

Taarifa ya usuluhisho wa benki, 30 Juni 2024

Salio kwa mujibu wa taarifa ya benki: Sh 2,541,000
Ongeza: hundi iliyopelekwa benki, haijaingizwa (shule, 28 Juni): Sh 720,000
Jumla ndogo: Sh 3,261,000
Toa: hundi zisizowasilishwa
Na. 000214, 12 Juni: Sh 460,000
Na. 000219, 26 Juni: Sh 185,000
Na. 000221, 28 Juni: Sh 1,240,000
Jumla ya hundi zisizowasilishwa: Sh 1,885,000
Salio kwa mujibu wa daftari la fedha lililorekebishwa: Sh 1,376,000

Kila hundi iandikwe kwa mstari wake. Mtu akiandika jumla peke yake, 1,885,000, ameficha kitu pekee ambacho karatasi hii ipo ili kukionyesha: ni hundi zipi, za nani, za tangu lini. Akaunti ikiwa imezama, yaani duka linadaiwa na benki, mpangilio ni uleule ila alama hugeuka: hundi zisizowasilishwa huongeza deni na zile zinazosubiri kuingizwa hulipunguza.

Maharage ya tarehe 1 Julai

Tuseme Jumatatu asubuhi mwenye duka anatazama salio kwa simu, anaona 2,541,000. Ni msimu wa mavuno na mkulima ana maharage ya kuuza kwa Sh 2,000,000. Anatoa fedha, ananunua.

Akaunti inabaki na 541,000. Hundi ya saruji ya 1,240,000 ikifika kabla ya hundi ya shule kuingizwa, inarudi. Ikifika baada ya 720,000 ya shule kuingia, akaunti ina 1,261,000. Saruji inalipwa na kubaki 21,000. Kisha anakuja msafirishaji na hundi yake ya 185,000, na muuza jumla na ya 460,000. Zote mbili zinarudi. Duka linatozwa kwa kila hundi iliyorudi, na baya zaidi, muuza jumla aliyekuwa akikopesha bidhaa kwa hundi ataanza kudai fedha taslimu.

Mwenye duka huyu hakuibiwa wala hakuongopewa na benki. Namba aliyoiona kwenye simu ilikuwa ya kweli kuhusu benki na haikuwa ya kweli kuhusu duka. Benki haiwezi kujua hundi ambayo bado iko kwenye droo ya mtu. Ni daftari pekee linaloijua.

Hata 1,376,000 isitumike yote siku hiyo. Ndani yake kuna 720,000 za shule, na hundi ya shule, kama ile ya 300,000 iliyorudi, inaweza kurudi. Baadhi ya benki huonyesha hundi iliyowekwa kwenye salio la leja kabla haijakubaliwa, na kuweka pembeni salio linaloweza kutolewa, ambalo ni dogo zaidi. Kwa ununuzi wa Julai mosi, namba ya tahadhari ni 1,376,000 toa 720,000, yaani Sh 656,000. Hicho ndicho kiasi ambacho hakuna mwenye hundi anayekidai na hakuna mteja anayeweza kukiangusha. Hakitoshi maharage ya milioni mbili, na ni bora kulijua hilo kabla ya kufika kwa mkulima.

Hundi inayozeeka

Hundi za tarehe 26 na 28 hazina la kuhoji. Hundi namba 000214 ya tarehe 12 Juni inaanza kuwa na swali. Wiki mbili na nusu zimepita, na aliyepewa yuko Kasulu mjini, ambako benki ipo. Simu moja inatosha: "Shikamoo mzee, ile hundi yetu ya tarehe 12 ilikufikia? Naona benki haijaonekana." Akijibu kwamba iko dukani kwake, ataipeleka, tumemaliza. Akijibu kwamba hajaiona, jambo limebadilika. Hundi imepotea njiani, na duka linapaswa kuiagiza benki kwa maandishi isiilipe, kungoja uthibitisho, kisha kuandika nyingine. Kuandika ya pili kabla ya kuizuia ya kwanza ni kufungua mlango wa kulipa mara mbili.

Ikikaa miezi sita, kwa kawaida ya benki, hundi huwa imechina na tawi hukataa kuilipa. Wengine hapa hukosea kwa kufurahi. Wanaifuta hundi na kuandika fedha hizo kama mapato. Lakini kilichokufa ni karatasi. Deni bado liko hai. Muuza jumla alileta sabuni na mafuta na hajalipwa, na sheria ya Tanzania ya ukomo wa mashauri inampa miaka sita kudai deni la mkataba. Maandishi sahihi ni kurudisha kiasi upande wa mapokezi wa daftari, kwa tarehe ya leo, na kumwandika tena muuza jumla kuwa anadai 460,000. Kisha hupewa hundi mpya.

Amana isiyofika

Orodha ya hundi zisizowasilishwa ikirefuka, kwa kawaida ni uzembe. Orodha ya fedha zilizopelekwa benki ambazo hazijaingizwa ikirefuka, ni jambo zito zaidi, na mwenye duka anayeajiri karani anapaswa kulielewa.

Karani aliyechukua mauzo akayatumia anaweza kuandika daftarini kwamba fedha zilipelekwa benki tarehe 29. Mwisho wa mwezi, benki haina kitu. Anaziorodhesha kama fedha zilizo njiani, na usuluhisho unakubali, pande zinakutana hadi shilingi ya mwisho. Mwezi unaofuata analifunika pengo hilo kwa fedha za mauzo mapya na kuandika amana nyingine ya uongo mahali pake. Kwenye karatasi kila mwezi umesuluhishwa.

Dalili ziko mbili. Ya kwanza ni siku. Hundi ya shule iliyopelekwa Ijumaa tarehe 28 Juni inatarajiwa kuonekana siku za mwanzo za wiki inayofuata. Ikipita Jumatano tarehe 3 Julai bila kuonekana wala kurudishwa, ulizwe tawini. Fedha taslimu hazina hata nafuu hiyo, kwa sababu zikihesabiwa dirishani huingia siku hiyohiyo. Fedha taslimu zilizo njiani kwa siku nne ni maneno yasiyo na maana. Dalili ya pili ni slipu ya kuweka fedha. Slipu halisi ina muhuri na tarehe ya benki, na tarehe hiyo lazima iwe ya mwezi unaosuluhishwa. Slipu ya tarehe 5 Julai haiwezi kuthibitisha fedha zinazodaiwa kupelekwa tarehe 29 Juni.

Kwa sababu hiyo, anayeandika hundi na kupeleka fedha benki asiwe ndiye anayesuluhisha. Duka la watu wawili haliwezi kuwa na idara ya ukaguzi, lakini mwenye duka anaweza kwenda mwenyewe Kasulu kuchukua taarifa iliyochapishwa na benki, badala ya kuletewa, na kutia tiki kwa mkono wake.

Kisichoonekana

Usuluhisho una mipaka yake. Mauzo ya fedha taslimu ambayo hayakuandikwa daftarini wala kupelekwa benki hayatagunduliwa hapa, kwa kuwa pande zote mbili haziyajui. Hundi iliyolipwa kwa ankara ya uongo itatiwa tiki bila shida, namba na kiasi vikiwa sawa. Fedha za simu na zilizo kwenye droo zinahitaji kuhesabiwa kivyake. Kwa duka la Rungwe Mpya ambalo sehemu kubwa ya mauzo hupita huko, akaunti ya benki iliyosuluhishwa vizuri inathibitisha sehemu moja tu ya fedha za duka.

Ndani ya sehemu hiyo, thamani ya karatasi ya Juni hupimwa Julai. Kila mstari ulioachwa usubiri ulikuwa dai: kwamba hundi tatu zitawasilishwa, kwamba ya shule itaingizwa. Taarifa ya Julai ndiyo hukumu ya madai hayo. Hundi 000219 na 000221 zikionekana kwa kiasi kilekile, na 720,000 ikionekana siku za mwanzo, salio la 1,376,000 lilikuwa kweli. Mstari ambao haukutimia unabebwa mbele na tarehe yake, pamoja na maelezo ya simu iliyopigwa na jibu lililotolewa. Anayefanya hivyo mwezi hadi mwezi atakuwa na jibu siku muuza jumla au benki itakapomuuliza kuhusu hundi yoyote: ilitoka lini, iko wapi, na nani anangojewa.